Wiki Kumi na Mbili za Corinne

Corinne hakulia siku aliyojifungua, wala hakucheka. Alimtazama mtoto, akauliza ana uzito gani, akaambiwa ratili saba na wakia sita, yaani kilo tatu na kitu, akasema, "Sawa." Baada ya hapo akalala. Trent mumewe alisimama na simu mkononi akisubiri kupiga picha ya furaha, na furaha haikutokea.

Mimi ni shangazi yake Trent, mtoto wa marehemu kaka yangu. Nalisha ndama katika shamba hili la ng'ombe wa maziwa, hapa Wisconsin, tangu nina miaka kumi na tisa. Sasa nina sitini na saba, na mdomo wangu haujawahi kuchukua likizo. Nalisema hilo mapema kwa sababu kosa ninalolisimulia lilianzia mdomoni mwangu.

Ilikuwa Januari, wiki ya kwanza tangu warudi kutoka hospitali. Corinne alikuwa amekaa jikoni na Hattie kifuani, amevaa suruali ya ujauzito na sweta ya Trent. Kabla ya mimba alikuwa na ratili mia moja arobaini na nane. Siku ya kujifungua alikuwa na mia moja themanini na tatu. Alirudi nyumbani na mia moja sabini na moja, maana mtoto, kondo la nyuma na yale maji yote vilikuwa vimetoka kwa mkupuo mmoja. Namba hizo alizisema mwenyewe, kwa sauti ileile anayosomea namba za hereni za masikioni mwa ng'ombe.

"Zilizobaki zitatoka lini?" aliniuliza.

"Nyonyesha tu, mwanangu," nikamwambia. "Maziwa yatakukausha. Umewahi kumwona ng'ombe aliyezaa akinenepa? Mimi nilipomzaa Curtis wangu, wiki kumi na mbili tu, nikavaa gauni langu la zamani kama vile sikuwahi kuzaa."

Akahesabu kwa vidole. "Wiki kumi na mbili. Yaani mwanzoni mwa Aprili."

"Aprili," nikasema, na nikaendelea kumenya viazi.

Lazima mwelewe jinsi watu wa maziwa tunavyofikiri. Ng'ombe akishazaa, hawezi kula kiasi cha kutosheleza maziwa anayoyatoa, kwa hiyo mwili wake unakula akiba. Wiki sita, wiki nane, unaona nyonga zinachomoza na uti wa mgongo unajitokeza. Sisi humpa alama za unene, moja kwa aliyekonda hadi tano kwa aliyenona, na kuziandika kwenye ubao mweupe wa chumba cha maziwa pamoja na namba yake na tarehe aliyozaa. Corinne ndiye aliyekuwa anatoa alama hizo. Jicho lake ni zuri kuliko la daktari wa mifugo. Akipita nyuma ya ng'ombe mara moja anajua. Basi siku moja mwezi wa Februari nikaingia kuchukua chupa za ndama, nikaona mwisho wa ubao, chini ya ng'ombe wote, mstari usio na namba ya sikio. Herufi C, Januari tisa, na alama: nne.

Trent aliuona pia. "Hii C ni nani? Mbona simjui kundini?"

"Ni mimi," Corinne alisema bila kugeuka. Alikuwa anaosha ndoo.

Trent akacheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

Wiki mbili za kwanza uzito ulishuka hadi mia moja sitini na sita. Wiki ya sita, mia moja sitini na nne. Wiki ya saba, mia moja sitini na tano. Ulipanda. Alijipima tena, akavua saa, akajipima tena. Alikuwa ananyonyesha mchana na usiku na namba imekaa palepale kama punda aliyegoma.

Siku hiyo nilimkuta amesimama katika mlango wa banda la ndama, mikono imening'inia. Nilimuuliza anajisikiaje.

"Sijisikii chochote, Shangazi. Watu wananiuliza kila siku, na kila siku najitafuta nijibu nini. Hakuna kitu. Nambeba Hattie kama ninavyobeba ndoo, kwa uangalifu, nisimwage. Nadhani ni huu mwili. Si wangu. Nikiupata ule wangu, nami nitarudi."

Hapo nilipaswa kukaa chini nimwambie ukweli. Badala yake nikasema, "Subiri, yatakukausha tu." Nilikuwa na ndama wawili wanaohara na haraka zangu nyingine zisizo na maana.

Hakusubiri. Kwa hesabu yake maziwa yalikuwa yameshindwa kazi, basi akaamua kuyasaidia. Asubuhi alikunywa kahawa nyeusi. Mchana nusu yai, au vipande vya karoti. Jioni alimpakulia Trent nyama na viazi, yeye akasimama karibu na sinki na bilauri ya maji akisema ameshakula. Alirudi kukamua zamu ya asubuhi na ya alasiri, ingawa Trent alikuwa ameajiri mtu wa kumshikia, na baada ya hapo alitembea njia ya malisho kwenda na kurudi, mara kumi, mtoto amefungwa kifuani ndani ya koti. Kwenye ubao aliandika mia moja sitini na mbili. Kisha mia moja hamsini na tisa. Nilimsifu. Mungu anisamehe, nilimsifu mbele ya watu.

Aliyenishtua ni Hattie. Nimeshalisha ndama maelfu, na ninajua anayeacha kunyonya kwa sababu ameshiba na anayeacha kwa sababu amechoka. Hattie alikuwa anashika titi, ananyonya mara tano sita, anasinzia. Ukimwamsha, analalamika kidogo bila nguvu, anasinzia tena. Corinne alisema mtoto ametulia, ni mpole. Nikambadilisha nepi saa nane mchana, na ilikuwa kavu.

"Hii ya ngapi leo?" nikauliza.

"Ya tatu."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu jana jioni."

Nilikwenda sebuleni, nikampigia simu Bev Lindqvist, nesi wa kaunti anayezunguka kwa akina mama waliojifungua, nikamweleza habari ya nepi na ile hesabu ya Aprili, ila sikusema ilianzia kwa nani. Sikumwomba Corinne ruhusa. Tangu lini mtu anamwomba ng'ombe ruhusa ya kumwita daktari?

Bev alikuja siku hiyohiyo na mizani yake ya watoto kwenye begi. Ni mwanamke mfupi, ana miaka hamsini na kitu, na hana haraka hata akichelewa. Alimpima Hattie akiwa uchi. Ratili tisa na wakia saba.

"Wiki tatu zilizopita alikuwa na tisa na mbili," alisema. "Wakia tano kwa wiki tatu. Umri huu tunataka karibu wakia moja kila siku."

Corinne akaitikia kwa kichwa polepole. Yeye hufanya hesabu za namna hiyo akiwa usingizini.

Bev akamvika mtoto nepi, akampima tena, akasema anyonyeshwe. Titi la kushoto, titi la kulia, Hattie akasinzia. Bev akampima tena na nepi ileile. "Wakia moja. Ningependa kuona kama tatu. Umekula nini leo, Corinne?"

"Kahawa."

"Na jana?"

"Nesi, lazima nikakamue," Corinne alisema, akasimama. "Saa tisa na nusu ndiyo zamu."

"Yule aliyeajiriwa atakamua," nikasema.

"Kuna ng'ombe mgonjwa. Lazima nimwone."

Mwingine angebishana. Bev aliniomba buti. Tukamwachia Trent mtoto, pamoja na chupa ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga ambayo Bev aliitengeneza baada ya kumpigia daktari simu. Alipokuwa anaitikisa ile chupa Corinne aliitazama kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

"Maziwa ya kopo si dhambi," Bev alimwambia. "Ni ngazi. Tunapanda, kisha tunaamua kama bado tunaihitaji."

Ng'ombe mgonjwa alikuwa namba mia nne kumi na mbili. Alikuwa na siku kumi na nane tangu azae, na ameacha kula. Corinne aliinama puani pake, akavuta hewa. Pumzi ya ng'ombe wa namna hiyo hunukia utamu mbaya, kama tunda lililooza.

"Ana nini?" Bev aliuliza. Alikuwa amesimama kwenye samadi na buti zangu, zimempita magoti.

"Anajila mwenyewe," Corinne alisema. "Hataki kula, lakini mwili unataka kutoa maziwa, basi unayeyusha mafuta haraka mno, ini linashindwa. Nitamnywesha dawa ya sukari kwa mrija wa mpira. Halafu lazima ale."

"Asipokula?"

"Maziwa yanakatika."

"Na wewe ungempunguzia chakula ng'ombe aliyezaa, ili akonde kabla ya Aprili?"

Corinne alimwingiza mia nne kumi na mbili mpira kooni kwa utulivu wake wote, akamimina, akautoa, akamfuta mdomo kwa mkono wake.

"Ni mpumbavu gani angefanya hivyo?" alisema mwishowe, bila hasira, kama anayeuliza saa.

"Hakuna mpumbavu hapa," Bev akasema. "Ila hesabu yako ina kosa. Huyu anatoa ratili ngapi kwa siku?"

"Akiwa mzima, tisini."

"Wewe, hata Hattie akinyonya vizuri kabisa, hutoi hata mbili. Huyu mwili wake unachotwa kwa ndoo. Wako unachotwa kwa kijiko. Kutengeneza maziwa ya siku nzima kunakula kiasi cha mkate wenye siagi ya karanga na bilauri ya maziwa juu yake, basi. Ndiyo maana huyeyuki kama yeye. Na mwili unajua kudai kile kiasi, unakutia njaa ukirudishe. Wapo wanaokonda wakinyonyesha. Wapo wanaobaki palepale. Wapo ambao zile ratili za mwisho hazitoki mpaka mtoto aache ziwa."

"Lini, basi?"

"Tumbo la uzazi limeshajikunja, hilo ni wiki sita. Maji yameshatoka. Mafuta ni polepole. Ukila vizuri, ratili moja kwa wiki ni mwendo wa juu, na wiki nyingine hazitatoa kitu. Miezi sita hadi mwaka, wengine zaidi. Wengi wanabaki na ratili chache za kudumu, na nyonga zilizopanuka hazisomeki kwenye mizani. Ulipanda kwa miezi tisa. Nani alikuambia utashuka kwa mitatu?"

Corinne hakugeuka kunitazama. Angeweza kunitaja pale pale na hakunitaja. Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia tangu nizaliwe, na nimewahi kuanguka kanisani.

"Mimi," nikasema.

Bev akageuka. Hata mia nne kumi na mbili aligeuka.

"Mimi nilimwambia wiki kumi na mbili. Ni uongo. Nimeusema miaka arobaini na mitatu, mpaka mume wangu alikufa anauamini." Nilishika bomba la uzio. "Curtis alipozaliwa kulikuwa na arusi ya wifi yangu. Nilikaa na njaa niingie kwenye gauni. Sikuingia. Wiki ya tano maziwa yakakauka, Curtis akawa analia mpaka anabadilika rangi, nikampa chupa kwa siri nikawaambia watu kwamba amelikataa titi mwenyewe. Uzito ulichukua mwaka na zaidi. Ratili nane bado ninazo, hizi hapa, nimezizoea. Hiyo hadithi ya wiki kumi na mbili niliitunga siku moja baada ya ibada, mtu aliponisifu, na nikashindwa kuirudisha."

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Yangu ilikuwa ndefu na iliishia kwenye nepi ya mtoto wa watu.

Corinne alikuwa anakunja ule mpira. "Kwa hiyo ulinidanganya, Shangazi."

"Ndiyo."

"Na ukaniona sili."

"Nilikuona."

Nilitamani anitukane. Alining'iniza mpira kwenye msumari wake, akanawa mikono, akasema, "Sawa," ileile ya hospitali. Kisha akaenda kwenye ubao, akafuta ule mstari wa C kwa kiganja. Alibaki na wino mkononi na hakuufuta.

Tuliporudi jikoni Bev alimpa karatasi yenye maswali kumi. Je, umeweza kucheka? Je, umengojea mambo kwa hamu? Umewahi kufikiri kujidhuru? La mwisho alijibu hapana, na Bev akaliuliza tena kwa mdomo, macho kwa macho, akapata hapana ileile. Kwa mengine majibu yake hayakuwa mazuri. Bev akamwambia kwamba ile hali ya kutosikia kitu si uvivu wala si unene. Ina jina, wanaipata akina mama wengi, na inatibika hata kwa anayenyonyesha. Akampangia daktari Alhamisi.

"Kwa hiyo nikikonda haitaondoka," Corinne alisema.

"Umeshakonda ratili sita tangu uache kula. Imeondoka?"

Corinne alifikiri kwa haki, kama anavyofikiri juu ya kila kitu. "Hapana. Imeongezeka."

Basi ikaanza kazi. Mtoto titini kila saa mbili au tatu, pande zote mbili, kisha nyongeza ya chupa, kisha Corinne na pampu ya kukamulia, akiitazama inavyovuta, uso hauna habari. "Hii kelele naijua," alisema siku ya kwanza, na Trent hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Mimi nilipika. Sikupika kwa ustadi, nilipika kwa hatia: uji wa shayiri na siagi, maharage, nyama ya kusaga na makaroni, jibini, supu. Alikula kila nilichoweka mbele yake kwa kufuata saa ya ukutani, kama anayetimiza ratiba. Sahani ikiisha aliisukuma mbele. Ukimuuliza kama ni tamu alisema hajui.

Alhamisi daktari alimwandikia vidonge na akampa mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Siku hiyohiyo Hattie alipimwa kwenye kliniki: wakia nne zaidi. Niliruka jikoni na kijiko mkononi. Corinne alisema ni maziwa ya kopo hayo, si yake.

"Tumbo la mtoto halisomi lebo," nikamwambia.

"Mimi nasoma," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa linamla, na nilijua. Mwanamke anayepakia maziwa ya mji mzima kwenye lori kila asubuhi, mtoto wake anakunywa ya dukani. Hakuna aliyemcheka, lakini yeye alijicheka kimyakimya kila alipotikisa chupa. Alikuwa anataka kujua kitu kimoja tu: kama bado anaweza.

Bev alirudi baada ya wiki mbili. Ilikuwa asubuhi, theluji inayeyuka, Trent yuko shambani. Alimweka Hattie juu ya mizani na mtoto akampiga teke, teke la kweli, mpaka namba zikacheza.

"Subiri, mama, tulia. Ratili kumi na wakia saba. Ratili moja kamili kwa siku kumi na nne."

Corinne aliitikia kwa kichwa. "Chupa tumepunguza. Jana mbili tu."

"Basi tuone." Akamvika nepi, akampima, akampa mama yake. Hattie alishika titi kwa nguvu, ukasikia anameza, kwa sauti, kama ndama mwenye adabu mbaya. Hakusinzia. Alipomaliza upande mmoja alitukana kwa lugha yake mpaka akapewa wa pili. Bev akamrudisha kwenye mizani. Mimi nilikuwa nimeshika taulo la vyombo na sikuwa nimefuta chombo chochote.

"Wakia tatu na nusu," Bev alisema. "Hii haikutoka dukani, Corinne. Hii ni yako."

Corinne aliisoma namba mwenyewe. Akaisoma tena. Alimchukua Hattie, akamweka begani, akasimama tu katikati ya jikoni.

"Unataka nikupime na wewe?" Bev aliuliza. "Si lazima. Lakini ujue mapema: umekula wiki mbili, huenda ratili mbili tatu zimerudi. Ndivyo inavyotakiwa kwa sasa."

Nilidhani atasema "sawa". Niliisubiri ile "sawa" yake kama mtu anayesubiri kofi. Alikuwa anatazama dirishani, machozi yanamshuka bila uso kubadilika hata kidogo, mtoto anamtemea maziwa mgongoni.

"Nasikia njaa," alisema.

"Shangazi," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeshangaa, "nasikia njaa. Sana."

Nilivunja mayai manne kwa haraka hivi kwamba la kwanza liliingia kwenye sufuria na ganda lake. Alilila hivyohivyo, amesimama, hata kabla sijampa uma.